Tamko la ukutani au sentensi ya kaunta: ipi iandikwe kwenye kiroba cha mchele?

Kazi yangu ni kuchora na kuchapisha vifungashio hapa Mbeya: viroba vya mchele, vya unga na vya maharage, pamoja na mabango ya dukani. Mteja akija anakuwa na karatasi mkononi. Mara nyingi karatasi hiyo ina jina la biashara, namba ya simu, na tamko refu ambalo amelitoa semina au ameandikiwa na kijana wake aliyesoma chuo. Anataka tamko lile liingie kwenye kiroba. Namuuliza swali moja tu: wafanyakazi wako wanalijua?

Nitalinganisha aina mbili za maneno hayo kwa kutumia kiwanda kimoja kidogo cha kukoboa mpunga kilichopo Uyole. Jina la kiwanda silitaji, na mwenyewe nitamwita Mama, kama anavyoitwa na watu wake wote wanane. Uyole ni mahali pazuri kwa mfano huu, kwa sababu pale ndipo barabara ya kutoka Kyela kupitia Tukuyu inapokutana na ile ya Igurusi, Chimala na Rujewa, yaani upande wa Usangu. Mpunga unaingia kutoka pande zote mbili. Shina la matatizo yote nitakayoeleza ni hilo.

Kwenye ukuta wa kiwanda, juu ya mizani, palikuwa na maandishi haya kwa rangi ya bluu:

"Sisi ni kampuni kinara inayotoa bidhaa bora za mchele zenye viwango vya kimataifa, kwa kutumia teknolojia ya kisasa, ubunifu na weledi, ili kukidhi matarajio ya wateja wetu wenye thamani na kuleta matokeo chanya kwa jamii."

Maneno 35. Mama alitaka yote yapunguzwe herufi yaingie nyuma ya kiroba cha kilo 25. Nikamwomba kwanza twende dukani kwake Mwanjelwa, tukaongee na binti anayeuza.

Yule binti yuko kaunta tangu asubuhi mpaka jioni, na tamko lile amelipita kila alipokwenda kiwandani kuchukua mzigo. Nikamwambia, "Dada, mteja akikuuliza mchele wenu una nini ambacho wa jirani hauna, unamjibu nini?" Akajibu haraka, "Mchele wetu ni bora." Nikamuuliza wa jirani je. Akacheka, akasema, "Na yeye anasema bora."

Kule kiwandani niliwauliza waliobaki mmoja mmoja, bila kuwaonyesha ukuta. Dereva alikumbuka kwamba kuna kitu cha kimataifa pale. Kuli mmoja alisema yale ni maneno ya ofisini. Kati ya wanane, wanne walitaja neno "bora" na hakuna aliyetoa hata robo ya sentensi. Wala siwalaumu. Mimi mwenyewe niliyekuwa nimeibeba kwenye karatasi nilishindwa kuirudia nilipofika kwenye daladala.

Sasa, kosa ambalo watu wengi hufanya hapa ni kudhani kwamba tatizo ni urefu, hivyo wanakata. Wanaondoa "ubunifu na weledi", wanaondoa "jamii", wanabaki na kitu kama "Mchele bora kwa bei nafuu". Hii nitaiita sentensi ya kwanza. Ina maneno matano, kila mtu anaikumbuka, na haikusaidii chochote. Ukienda Mwanjelwa asubuhi ukasimama kwenye safu ya wauza mchele utaisikia kumi kwa kumi. Kukumbukika ni sharti la lazima lakini peke yake halitoshi. Methali nazo zinakumbukika, ila haziuzi mchele.

Njia ninayoipenda mimi ni kulichukua lile tamko refu na kulibandua neno kwa neno, kama unavyobandua bango la zamani, uone chini yake kuna nini. Maneno matupu hayafanani. Mengine yamekaa juu ya kitu cha kweli ambacho mwandishi aliona aibu kukitaja kwa jina lake la kawaida. Mengine chini yake hakuna kitu kabisa.

Tulikaa na Mama na opereta wa mashine, kila mmoja na kikombe chake cha chai, tukaanza. "Kinara" wa nini? Mama akafikiri, akasema basi tu, inapendeza. Chini hakuna kitu. "Viwango vya kimataifa": unauza nje? Hapana, mzigo wake wa mbali kabisa unaishia Dar es Salaam. Ana nembo ya TBS, ambayo ni ya taifa na ina maana yake, lakini "kimataifa" ilikuwa hewa. "Wateja wetu wenye thamani" ni Kiingereza kilichovaa kanga; kwa Kiswahili cha kawaida kitu chenye thamani ni shamba au ng'ombe, na mteja tunamheshimu kwa njia nyingine. "Kukidhi matarajio" hali kadhalika.

Tulipofika kwenye "teknolojia ya kisasa", opereta akainua kichwa. "Hapo pana mashine ya kuondoa mawe," alisema, "na ile ya gredi inayotoa chenga." Tukapata kitu cha kwanza chenye uzito. Na tulipofika kwenye "weledi", akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema, "Mimi Kyela siichanganyi na mwingine kwenye mashine. Nikikoboa wa Usangu halafu nikaweka wa Kyela, zile kilo za mwanzo zinatoka mchanganyiko, kwa sababu kwenye mashine mnabaki punje. Nazitenga, zinakwenda kwenye mchele wa kawaida. Hakuna aliyeniambia, nafanya tu."

Mama alikuwa hajui kwamba anafanya hivyo. Miaka miwili yule bwana alikuwa anafanya kazi ambayo ingeweza kukiuza kiwanda kizima, na ukutani ilikuwa imefunikwa na neno "weledi".

Kwa msomaji wa mbali nieleze kwa nini jambo hili ni kubwa. Mchele wa Kyela unanukia, na mpikaji anayeujua anautambua kwa harufu kabla hujamwambia, ndiyo maana watu wako tayari kuongeza hela. Kwa sababu hiyohiyo unachanganywa sana. Mtu anachukua wa Kyela kiasi, anaongeza mwingine wa bei ya chini, anashona kiroba na kuandika KYELA kwa herufi kubwa. Wa Usangu si mchele mbaya hata kidogo, SARO 5 inayolimwa Mbarali inapendwa na ina soko lake. Ubaya ni kuuziwa hiyo kwa jina la nyingine. Mama lishe ananunua, anapika, wateja wake wanauliza leo mchele umekuwaje. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa Mwanjelwa, baada ya bei, ni "Huu ni Kyela kweli?" Mengine yanafuata: unanukia, unachambuka, unaongezeka sufuriani, una mawe? Katika maswali hayo yote hakuna hata moja linalojibiwa na neno "kinara".

Tukaandika sentensi tatu nyingine za kushindanisha na ile ya kwanza.

Ya pili ilikuwa: "Mchele wetu ni Kyela mtupu, haujachanganywa." Mama aliipenda papo hapo. Niliipeleka kwa yule binti wa dukani aiseme mbele yangu kama anamwambia mteja. Akaisema nusu, akaangalia chini, akauliza, "Kaka, na ule wa Rujewa je? Niape?" Kati ya gunia kumi zinazoingia kiwandani, kwa makadirio ya Mama mwenyewe, sita ni za Kyela na nne ni za Usangu. Mwezi wa tatu na wa nne, mpunga wa Kyela unapokuwa haba kabla ya mavuno, hesabu hiyo inageuka. Sentensi ilikuwa nzuri na ilikuwa ya uongo kwa karibu nusu ya mzigo.

Ukitaka kujua kama sentensi ni ya kweli, usimpe mwenye biashara aisome. Mpe anayesimama mbele ya mteja. Mwenye biashara anasoma anachotamani kiwe, muuzaji anasoma atakachokuja kuulizwa kesho. Akisita au akiongeza "kwa kweli" mbele yake, hapo pana shimo.

Nayo ilikuwa na udhaifu wa pili ambao nilichelewa kuuona. Anayechanganya pia anasema haujachanganywa. Hakuna atakayesema "wangu nimechanganya". Kanuni ya zamani ya kazi hii ni kwamba ukigeuza sentensi kinyume na ukakuta hakuna mfanyabiashara duniani anayeweza kuisema ile ya kinyume, basi ya kwako haijakutofautisha na mtu. "Hatujali ubora" hakuna anayesema, hivyo "tunajali ubora" ni pumba. "Umechanganywa" nako hakuna anayekiri.

Ya tatu: "Ukikuta jiwe, rudisha kiroba, tunakupa kingine." Hii ni ahadi, na ahadi zina nguvu kuliko sifa. Mama aliogopa hasara, tukapiga hesabu. Tuseme anauza viroba 400 kwa mwezi, kila kimoja shilingi 70,000, na kumi vinarudi. Kiroba kilichorudi hakitupwi. Mchele unapita tena kwenye mashine ya mawe, unafungwa kwenye kiroba kipya na kuuzwa. Gharama ni kiroba kitupu, uzi, bodaboda ya kwenda na kurudi na kilo moja hivi inayopotea njiani. Hata ukiweka 7,000 kwa kila kimoja, kumi ni 70,000, bei ya kiroba kimoja tu. Hesabu ilikubali.

Kilichokataa ni kaunta. Binti aliuliza, je, kama ni mwenye duka la rejareja amefungua, akauza kilo kilo, na jiwe limeingia kwenye beseni lake? Mama akasema basi tuongeze, "kama uzi haujafunguliwa". Dereva, aliyekuwa amekaa pembeni hata hatukujua kama anasikiliza, akasema, "Sasa Mama, bila kufungua uzi jiwe ataliona wapi?" Tulicheka sana. Lakini ndipo sentensi ilipofia. Sentensi ikihitaji "isipokuwa" au "kama tu", mkia ule mfanyakazi hataukumbuka, na mteja atashika kichwa tu. Sikuitupa kabisa. Nilimshauri Mama aifanye kuwa desturi ya duka bila kuitangaza: mteja akirudi analalamika jiwe, abadilishiwe na aombwe radhi.

Ahadi ina hatari nyingine inayofaa kutajwa. Domino's, wauza piza wa Marekani, walijulikana kwa ahadi ya kufikisha piza ndani ya dakika 30, la sivyo hulipi. Sentensi nyepesi kuliko hiyo kuikumbuka sijui kama ipo. Mwaka 1993 waliiacha nchini mwao baada ya kesi za ajali zilizowahusu madereva wao. Sentensi wafanyakazi waliikumbuka vizuri mno, mpaka ikawa inawaendesha barabarani. Kwetu, fikiria basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam. Likijitangaza kwa saa ya kufika, dereva ataibeba sentensi hiyo mpaka kwenye kona za Kitonga. Likijitangaza kwa saa ya kuondoka, "Saa 12 tunatoka hata tukiwa na abiria kumi", anayebanwa ni mwenye basi na mkata tiketi, wala si mguu wa dereva. Kwa hiyo angalia sentensi yako inamsukuma nani, na kumsukuma wapi.

Ya nne haikutoka kwangu. Siku ile ya pili ya kikao niliandika kwenye karatasi: "Mchele wa Kyela tunaukoboa peke yake." Opereta akaisoma, akatikisa kichwa. "Mchele haukobolewi," alisema. "Kinachokobolewa ni mpunga. Ukiandika hivyo wakulima wa Kyela watatucheka." Ni kweli kabisa, na mimi mchora viroba wa miaka mingi nilikuwa nimepitwa. Ikawa:

"Mpunga wa Kyela tunaukoboa peke yake."

Maneno sita. Mama alikuwa na wasiwasi kwamba mteja ananunua mchele, kwa nini umwambie habari za mpunga? Nilimwambia ajaribu. Yule binti aliisema mara moja, akainua macho, na akaongeza bila kufundishwa, "Tena haukutani na mwingine. Njoo uone." Hilo "njoo uone" ndilo lililonifanya nifunge daftari.

Tofauti ya ya pili na ya nne ni ndogo ukiitazama kwa haraka, kwa sababu zote zinazungumzia kutochanganya. Lakini ya pili inasifia mchele, na sifa ya mchele mteja hawezi kuiona mpaka apike. Ya nne inaeleza kitendo. Kitendo kina mahali, kina saa, kina mtu anayekifanya, na anayetilia shaka anaweza kupanda daladala hadi Uyole akakishuhudia. Anayechanganya hawezi kuisema bila kujiumbua, maana itambidi aonyeshe hiyo mashine. Na haimlazimishi Mama kuuacha mpunga wa Usangu. Anaukoboa mchana, anaufunga kwenye kiroba cheupe, anauuza kwa jina lake. Cha Kyela tumekiwekea mkanda wa kijani.

Kwa wanaopenda kuona vitu bega kwa bega:

| | Tamko la ukutani | "Bora kwa bei nafuu" | "Kyela mtupu" | "Tunaukoboa peke yake" |
|---|---|---|---|---|
| Maneno | 35 | 5 | 6 | 6 |
| Muuzaji anaikumbuka? | Hapana | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |
| Jirani anaweza kuisema? | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo | Akikoboa hivyo tu |
| Mteja anaweza kuihakiki? | Hapana | Bei tu | Mpaka apike | Anaweza kuja kuona |
| Inabadilisha kazi? | Hapana | Hapana | Kuuacha wa Usangu | Ratiba ya mashine |

Mstari wa mwisho ndio nauangalia zaidi. Baada ya sentensi kukubaliwa, opereta alidai saa. Zamani alikuwa anakoboa kilichofika kwanza. Sasa mashine inafunguliwa na kusafishwa jioni, Kyela inaingia asubuhi ikiwa tupu, na wa Usangu unafuata. Faida yake ni kwamba zile kilo za mwanzo alizokuwa anazitenga zimepungua sana. Hasara yake ni kwamba lori la Kyela likifika saa 8 mchana, mpunga unalala mpaka kesho hata kama mteja anasubiri. Mama alilalamika wiki nzima juu ya hilo. Nilimwambia kama sentensi haijakugharimu kitu, huenda hujasema kitu.

Baada ya wiki mbili nilirudi na kuuliza tena, mmoja mmoja. Hapa lazima niseme namna ninavyopima, maana wengi hupima vibaya. Sitaki neno kwa neno. Wafanyakazi wakiirudia kama wimbo wa shule, mteja naye anaisikia kama wimbo wa shule. Nasikiliza vitu viwili tu vibaki: Kyela, na peke yake. Dereva alisema, "Kyela inakobolewa yenyewe." Kuli, yule aliyesema maneno ya ofisini, alisema, "Kyela haikai na mwingine." Mhasibu aliisema kama ilivyoandikwa, kama ilivyo kawaida ya wahasibu. Saba kati ya wanane waliitoa. Hata hivyo, hakuna aliyeitoa neno kwa neno isipokuwa mhasibu, na hilo lilinifurahisha kuliko idadi yenyewe, kwa sababu mtu hulibadilisha neno akiwa amelielewa.

Wa nane alikuwa mzee mlinzi. Hakushindwa kukumbuka, hakuwa ameambiwa. Kila mtu alisahau kwamba anafanya kazi pale, kwa sababu anaingia wakati wengine wanatoka. Na ni yeye anayepokea malori ya usiku.

Sasa, je, tamko refu halina kazi kabisa? Lina kazi, ila si kwenye kiroba. Mama alipokwenda kuomba mkopo aliulizwa maelezo ya biashara, soko lake, washindani, na kinachomtofautisha. Sentensi ya maneno sita huwezi kuipeleka benki peke yake. Hapo andika kurasa mbili, lakini zianzie kwenye sentensi ileile: tunakoboa mpunga wa Kyela peke yake, kwa hiyo tuna ratiba hii, mashine hizi, bei hii ya juu kidogo, na wateja hawa. Fomu za zabuni nazo zina lugha yao. Ukiulizwa habari za viwango taja nembo uliyonayo na uambatishe cheti, usiandike "kimataifa". Ukurasa mrefu ukitoka kwenye sentensi fupi unasimama. Wale wanaojaribu kinyume, kukamua sentensi kutoka kwenye ukurasa wa maneno ya semina, ndio wanaoishia kwenye "bora kwa bei nafuu".

Kuna na biashara ambazo bado hazina sentensi. Niliwahi kumfanyia kazi mwenye gesti Njombe ambaye kibao chake kilisema "huduma za kipekee katika mazingira tulivu". Tulibandua, tukabandua, chini hatukukuta kitu. Vitanda kama vya wenzake, chai kama ya wenzake. Ungeweza kumtungia sentensi tamu na angeilipia. Nilichomwambia ni kwamba Njombe mwezi wa saba mgeni anaogopa kitu kimoja, maji ya baridi alfajiri. Aweke tanuri la kuni la kuchemshia maji, kisha aandike "Maji ya moto yapo hata umeme ukikatika." Akaniuliza kama anaweza kuandika kwanza akajenga baadaye. Nilikataa kazi hiyo mpaka tanuri lilipokamilika, na ilichukua miezi mitatu. Na muuza mbao wa Mafinga aliyeandika "mbao zenye ubora wa hali ya juu" alikuwa kinyume chake: mbao zake zilikuwa zinakaa bandani zikikauka muda mrefu kuliko za majirani, kila fundi alijua, na yeye hakuona kama ni jambo la kuandika. Huyo tulimaliza siku moja.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague ipi, nakuuliza kwanza nani atakayeisema. Kama ni wewe peke yako na mke wako mnaouza, na wateja mnawajua kwa majina, labda huhitaji yoyote kati ya hizi. Wateja wako wanajua tayari. Kama una watu watano, kumi, ishirini wanaoongea na wateja ukiwa haupo, chukua sentensi ya kitendo, hata kama masikioni mwako haina mbwembwe. Kama kitendo hakipo bado, usichapishe. Kiroba kilichochapishwa hakifutiki, na watu wa viroba huagiza maelfu kwa mara moja ili bei ishuke, hivyo kosa la neno moja utaishi nalo msimu mzima.

Na jiandae kupoteza mtu. Sentensi ya Mama imemfukuza mteja wa bei ya chini kabisa. Zamani binti alikuwa anahangaika naye, anashusha mia mbili, mia tatu kwa kilo, mpaka faida inaisha. Siku hizi anamwonyesha kiroba cheupe, anamwambia wa bei hiyo ndio huu, ni wa Usangu, nao ni mzuri. Wengine wananunua, wengine wanakwenda kwa jirani. Mama bado inamuuma kila akimwona mtu anatoka bila kununua. Binti haimuumi, maana sasa ana la kusema.

Lile tamko la bluu tulilipaka rangi nyeupe, nikaandika jipya juu yake. Nilitumia koti moja la rangi kwa kubana matumizi, na ukisimama upande wa dirisha asubuhi bado unaona "kimataifa" ikichungulia. Mama anataka nirudi niipake tena.

Mzee mlinzi naye aliambiwa, siku ileile niliyomuulizia. Wiki iliyofuata lori lilifika usiku likiwa na gunia za Igurusi, na dereva wake akataka kushushia kwenye nafasi iliyokuwa karibu na mlango, upande ambao Kyela ilikuwa imepangwa tayari kwa asubuhi. Mzee alisimama katikati na tochi yake. "Huyu hapa analala peke yake," alimwambia. "Zungusha gari, wewe shusha kule."